Mikimbio 30, Mipira 30: Hesabu ya Kubeti Kriketi Mchezo Ukiendelea

Tarehe 29 Juni 2024, kwenye uwanja wa Kensington Oval mjini Bridgetown, Barbados, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 30 katika mipira 30 ili itwae Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Ilikuwa na wiketi sita mkononi. Ova iliyokuwa imemalizika, ya Axar Patel wa India, ilikuwa imezaa mikimbio 24, na Heinrich Klaasen alikuwa anapiga mpira kama anayepiga wa mazoezi. Mkimbio mmoja kwa kila mpira, wakati timu ile ile ilikuwa imetoka kufunga zaidi ya saba kwa kila ova tangu mwanzo. Aliyekuwa na simu mkononi wakati huo na akaunti ya kubeti aliona odi ya Afrika Kusini imeshuka sana, akajiuliza aweke au aache.

India ilishinda kwa mikimbio saba.

Kubeti laivu kwenye kriketi kumeingia kwenye simu za Waafrika Mashariki kupitia kampuni zile zile zinazouza mikeka ya mpira wa miguu. Wikiendi Ligi Kuu ya England ikipumzika, kuna mechi India, kuna mechi Pakistani, kuna mechi Karibiani, na orodha ya kubeti haifungwi. Wengi wanaobonyeza hawajawahi kushika gongo la kriketi. Wanaona namba tatu kwenye skrini, wanaamini wanajua kinachoendelea. Makala haya yanahusu namba hizo: kasi ya mikimbio, wiketi zilizobaki, na jumla ambayo uwanja wenyewe unaidai.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ya kushika ni machache. Kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Zamu hiyo ina kikomo cha ova 20 au ova 50 kutegemea aina ya mashindano, na kila ova ni mipira sita halali. Zamu inaweza kukatika mapema pia, kwa sababu timu ina wiketi kumi tu. Zikianguka zote, imekwisha hata kama zimebaki ova kumi. Kwa hiyo timu inayopiga inatumia akiba mbili kwa wakati mmoja, mipira na wiketi, na makosa karibu yote ya mbetiji mgeni yanatokana na kuhesabu akiba moja na kuisahau nyingine.

Kasi ya mikimbio inahesabu akiba ya mipira peke yake. Unachukua mikimbio iliyofungwa, unagawa kwa ova zilizochezwa. Timu ikiwa na 150 baada ya ova 30, kasi yake ni 5. Runinga hupenda kuendeleza hesabu hiyo na kuandika pembeni makadirio ya mwisho: 5 mara 50, yaani 250. Ni hesabu sahihi ya darasa la nne, na kwa anayebeti ni mtego.

Njia nzuri ya kuuona mtego huo ni jedwali la Frank Duckworth na Tony Lewis, Waingereza wawili waliotafuta namna ya haki ya kukokotoa lengo mvua inapokatisha mechi. Lilitumika mara ya kwanza kwenye mechi ya kimataifa tarehe 1 Januari 1997 mjini Harare, Zimbabwe ikicheza na England. Baadaye Mwaustralia Steven Stern aliliboresha, ndiyo maana leo linaitwa kwa majina yao matatu, DLS. Mechi za kimataifa sasa huhesabiwa kwa kompyuta, lakini toleo la zamani la jedwali lipo wazi na linatosha kabisa kwa kazi yetu. Linasema hivi: ukianza mechi ya ova 50 ukiwa na wiketi zote kumi, una asilimia 100 ya nguvu za kufunga. Kila mpira unaopita na kila wiketi inayoanguka vinapunguza.

Turudi kwenye timu yenye 150 baada ya ova 30. Zimebaki ova 20. Jedwali linasema kwamba timu yenye wiketi nane mkononi wakati huo bado ina asilimia 52.4 ya nguvu zake. Yenye wiketi sita ina asilimia 44.6. Yenye wiketi nne ina asilimia 30.8 tu. Tuseme tunacheza kwenye uwanja ambao timu ya kawaida, siku ya kawaida, hufunga 260 kwa zamu nzima. Hiyo 260 ndiyo jumla ya uwanja. Chukua asilimia zile za 260, ujumlishe na 150 iliyokwisha kufungwa. Mwenye wiketi nane anakwenda 286. Mwenye sita anakwenda 266. Mwenye nne anaishia 230. Kasi ni ile ile, ubao wa runinga unaonyesha 250 ile ile kwa wote watatu, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni mikimbio 56.

Sasa fikiria yule wa katikati, mwenye wiketi sita. Kampuni ya kubeti inaweka mstari wa jumla ya zamu, tuseme 265.5, na kukuuliza: juu au chini? Kijana anatazama runinga, anaona makadirio 250. Anatazama simu, anaona 265.5. Anahisi kampuni imekosea, ametupiwa hela mezani, anabeti chini kwa nguvu zote. Kampuni haijakosea chochote. Imehesabu wiketi, yeye hakuhesabu. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba mechi imeuzwa kwa sababu tu timu ilifunga mikimbio 90 katika ova kumi za mwisho. Timu yenye wiketi mkononi hufanya hivyo kwa kawaida kabisa, kwani wiketi haina thamani yoyote mechi ikiisha na wapigaji wanajua. Katika ova za mwisho wanazitumia kama mshahara wa siku ya mwisho ya mwezi.

India kwenye fainali ile ya Bridgetown ilionyesha jambo hilo hilo. Baada ya ova kumi ilikuwa na 75, wiketi tatu zimeanguka. Makadirio ya moja kwa moja yalikuwa 150. Lakini ilikuwa na wiketi saba mkononi, na Virat Kohli alikuwa bado uwanjani akiwa ametulia. Katika ova kumi zilizofuata walifunga 101, wakafika 176. Mtu aliyekadiria mikimbio 9 au 10 kwa ova katika nusu ya pili, kwa kuwa wiketi zilikuwepo, angepata kati ya 165 na 175, karibu kabisa na ukweli. Aliyefuata kasi alipotea kwa mikimbio 26.

Wiketi nyingi mkononi huongeza jumla, lakini kuna upande wa pili ambao mbetiji husahau haraka zaidi: lengo dogo halimaanishi kazi ndogo. Mashindano yale yale ya 2024, tarehe 5 Juni huko Providence nchini Guyana, Uganda ilicheza na Papua New Guinea. Papua New Guinea ilimalizwa kwa mikimbio 77. Uganda ilihitaji 78 kwa ova 20, chini ya mikimbio minne kwa ova. Kwenye kriketi ya ova 20 kasi hiyo ni kama kutembea. Mara Uganda ikawa 6 kwa wiketi tatu, kisha 26 kwa wiketi tano. Kasi iliyohitajika ilikuwa imebaki pale pale, takribani minne kwa ova, na ukiitazama peke yake usingejua kuna tatizo. Tatizo lilikuwa wiketi. Riazat Ali Shah alikaa uwanjani mipira 56 kwa mikimbio 33, mwendo ambao siku nyingine mashabiki wangemzomea, na Uganda ikafika kwa wiketi tatu zilizosalia na mipira kumi mkononi. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda kwenye Kombe la Dunia.

Angalia pia lile jumla la 77. Aliyekuja kwenye mechi ile akiwa na kawaida ya 160 kichwani, kwa sababu ndiyo aliyozoea kwenye mechi za India, alikuwa anatumia kipimo cha uwanja mwingine. Providence siku ile mpira ulikuwa hauji vizuri kwenye gongo. Jumla ya uwanja inatokana na udongo, ukubwa wa mipaka, hali ya hewa na hata saa ya mechi. Katika nchi za Asia umande wa usiku hulowesha mpira, warushaji wa kuzungusha hushindwa kuushika vizuri, na timu inayopiga ya pili hupata nafuu. Ndiyo maana hesabu yoyote ya laivu huanza na swali moja: hapa, leo, timu ya kawaida ingefunga ngapi? Dalili nzuri ni ova tano au sita za mwanzo. Ukiona wapigaji wazuri wanakosa mipira ya kawaida, au mpira unawafikia ukiwa umepoa, shusha kipimo chako kabla hujatazama odi. Kasi ya ova sita za kwanza kwenye mechi za ova 20 isikudanganye. Wakati huo sheria inaruhusu walinzi wawili tu kukaa mbali karibu na mpaka. Baadaye wanaruhusiwa watano, na mapengo yanazibwa.

Tumefika sasa kwenye zile mikimbio 30 kwa mipira 30. Kwa namba tatu tulizonazo, Afrika Kusini ilikuwa inastahili kupewa nafasi kubwa. Kasi iliyohitajika ilikuwa 6, wiketi zilikuwa sita, na ilikuwa imefikia 147 kwenye uwanja ambao India ilipata 176. Tuseme ungepewa odi ya 1.12. Odi hiyo inadai kwamba Afrika Kusini ishinde karibu mara 89 katika kila 100 ili usipate hasara wala faida. Kwa shilingi 10,000 ungerudishiwa 11,200. Ushindi mara nane unakupa 9,600. Kushindwa mara moja kunakula 10,000. Watu huona odi ndogo kama pesa ya uhakika. Ukweli ni kwamba odi ndogo inataka usahihi mkubwa zaidi kuliko odi kubwa.

Kitu ambacho namba tatu hazikukisema ni nani angerusha ile mipira 30. Kwenye ova 20 kila mrushaji anaruhusiwa ova nne tu. Aliyekuwa anahesabu kwa kalamu alijua kwamba Jasprit Bumrah, mrushaji mgumu kuliko wote siku ile, alikuwa na ova mbili hajazitumia. Arshdeep Singh alikuwa nayo moja. Kuldeep Yadav na Axar, ambao walikuwa wamechapwa, walikuwa wamemaliza ova zao. Kwa maneno mengine, mipira 18 kati ya 30 ilikuwa inatoka kwa watu ambao hawafungiki kirahisi, na Afrika Kusini ilipaswa kuvuna kwenye mipira 12 iliyobaki.

Bumrah alirusha ova ya 16, zikatoka mikimbio minne. Bado 26 kwa mipira 24, na bado hakuna aliyeogopa. Mpira wa kwanza wa ova ya 17, Hardik Pandya alimtoa Klaasen, aliyekuwa amefunga 52 kwa mipira 27. Kwenye jedwali, kutoka wiketi sita kwenda tano zikiwa zimebaki ova nne ni hasara ndogo sana. Uwanjani ilikuwa hasara kubwa mno, kwa kuwa aliyetoka ndiye aliyekuwa ameshauelewa uwanja, na nyuma ya David Miller walikuwa wanafuata warushaji. Jedwali linahesabu wiketi zote sawa kwa wastani. Halimjui Klaasen. Ova ile ilitoa minne. Bumrah akarudi ova ya 18, akatoa mikimbio miwili tu na kumtoa Marco Jansen. Arshdeep akatoa minne. Ova ya mwisho ikaanza zikihitajika 16. Miller akapiga mpira mrefu, Suryakumar Yadav akaudaka kando kabisa ya mpaka, mechi ikawa imekwisha.

Nasema nini kwa mbetiji hapo? Sisemi kwamba angejua India itashinda. Hakuna aliyejua. Nasema kwamba odi iliyojengwa juu ya kasi na wiketi peke yake ingekuwa ndogo kuliko inavyostahili, na aliyehesabu ova za Bumrah angalau angeacha kuweka pesa. Kuacha kuweka ni uamuzi halali, na kwa mtu wa kawaida ndiyo faida pekee anayoipata mara nyingi kutokana na maarifa haya.

Kwa nini mara nyingi iwe kuacha? Kwanza kwa sababu ya kile ambacho kampuni hujikatia. Kwenye mstari wa juu na chini utaona mara nyingi odi mbili zinazolingana, kwa mfano 1.85 kila upande. Kama nafasi ni nusu kwa nusu, odi ya haki ingekuwa 2.00. Beti mara mia shilingi 10,000, ushinde hamsini: umeweka milioni moja, umerudishiwa 925,000. Elfu sabini na tano zimekwenda bila wewe kukosea chochote. Ili usipoteze unatakiwa uwe sahihi zaidi ya mara 54 kati ya 100, dhidi ya kampuni ambayo hesabu ya jedwali niliyokuonyesha inaifanya kwa mashine baada ya kila mpira, ikijua pia nani anarusha na nani yuko kwenye gongo. Na mechi moja ya ova 20 ina mipira 240. Anayebeti laivu hukatwa mara nyingi kwa siku moja kuliko anayebeti kabla ya mechi.

Pili ni muda. Picha unayoiona kwenye runinga au simu imechelewa, pengine sekunde kadhaa, pengine zaidi ya nusu dakika ukitumia intaneti dhaifu. Kampuni hupokea taarifa kutoka uwanjani moja kwa moja. Wiketi ikianguka, soko linafungwa kabla hujaona mpigaji akigeuka. Utagundua kwa dalili moja: beti yako inazunguka na kukataliwa kila mara unapokuwa umeona jambo zuri, na inakubaliwa haraka unapokuwa hujaona jambo baya. Ukiona hivyo, jua wewe ndiye unayetazama jana.

Mvua nayo ina hesabu zake, na hata wataalamu wameumia. Tarehe 3 Machi 2003 mjini Durban, Afrika Kusini, wenyeji wa Kombe la Dunia la ova 50, walikuwa wanaifukuza Sri Lanka huku mvua ikinyesha. Walikuwa wameandikiwa kwenye karatasi namba 229 mwisho wa ova ya 45. Mark Boucher akampiga Muttiah Muralitharan mikimbio sita, akafikisha 229, na mpira wa mwisho akauzuia tu bila kukimbia, akiamini kazi imekwisha. Kumbe 229 ilikuwa namba ya kutoka sare. Ya kushinda ilikuwa 230. Mechi ikafutwa kwa mvua, ikawa sare, na wenyeji wakatolewa. Kenya, iliyokuwa kundi hilo hilo, ikaendelea mpaka nusu fainali.

Kwa anayebeti, funzo la Durban liko kwenye vifungu vya masharti. Namba ya DLS hubadilika kila mpira na hupanda wiketi inapoanguka, kwa hiyo timu iliyo mbele sasa hivi inaweza kuwa nyuma baada ya mpira mmoja. Kampuni nyingi hulipa beti ya mshindi kufuatana na matokeo rasmi, mvua au si mvua, lakini hurudisha pesa za beti ya jumla ya zamu ova zikipunguzwa. Si zote zinazofanya hivyo kwa namna moja. Soma masharti ya kampuni yako kabla mawingu hayajakusanyika, kwani baada ya hapo huduma kwa wateja watakusomea wao.

Ukiamua kubeti, na umetimiza umri unaoruhusiwa na sheria ya nchi yako, kwenye kampuni yenye leseni, fanya hivi mechi ijayo bila kuweka hata shilingi. Subiri ova ya kumi. Andika kwenye karatasi jumla unayoona uwanja unaidai, wiketi zilizobaki, ova zilizobaki za mrushaji bora, kisha namba yako ya mwisho. Hapo ndipo ufungue simu na utazame mstari wa kampuni. Rudia kwa mechi ishirini na uhesabu mara ngapi namba yako ilikuwa karibu na ukweli kuliko ya kampuni. Kama hazifiki kumi na moja, endelea kutazama kriketi na uache pesa yako mfukoni.